Imeili, saini na voismeili kabla hujaanza kuwasumbua marikruta wa Marekani: maswali yanayorudi kila siku

Haya ni maswali ya watu wetu walioko Marekani, wengi wao wanatafuta kazi kwenye nyumba za wazee, hospitali, maghala na ofisi ndogo. Mfano utakaotumika ni mmoja tu: tuseme dada anaitwa Rehema Juma Bakari, anakaa Houston, ana cheti cha CNA, yaani cha msaidizi wa muuguzi, na bado hajatuma CV hata moja. Maneno yanayoonekana kwenye skrini yameachwa kama yalivyo ili uyatambue ukifika.

## Ya mwanzo kabisa

1. Kwani kuna ulazima gani? Si nitume CV tu, wakiona nafaa watanitafuta wenyewe?

Watakutafuta ndio, kazi iko kwenye kukupata. Rikruta wa ajensi ana shifti ya kujaza na orodha ya majina mbele yake, anampigia wa kwanza, simu inaita mpaka inakata, anategemea aache ujumbe halafu aendelee na mambo mengine. Akikuta mashine inamwambia voismeili ya huyu mtu haijafunguliwa, hana pa kuacha hilo neno, anashuka kwa jina linalofuata. Hana kinyongo na wewe, ana nafasi ya kujaza basi.

Sisi tumezoea miskoli: ukiikuta unapiga, mwenyewe anapokea, mnaongea. Huku mara nyingi ile namba uliyoiona ni ya ofisi nzima, ukiirudia unapokelewa na mapokezi au mashine inayokwambia bonyeza moja bonyeza mbili, na anayepokea hana habari nani kati ya watu thelathini alikupigia. Jina lake, idara yake na kazi aliyokuwa anataka kukwambia vyote vilitakiwa vikae kwenye ule ujumbe ambao hakuweza kuuacha.

2. Nianze na kipi?

Imeili kwanza, halafu namba ya simu na voismeili yake, saini mwisho kwa sababu saini inabeba hivyo viwili. Jioni moja inatosha. Ila usitume eplikesheni yoyote kabla hujamaliza, maana imeili utakayoanza nayo ndio utakayobaki nayo: kampuni nyingi kubwa zinapokea maombi kwa mfumo wa Workday, na pale kila kampuni inakutaka ufungue akaunti yake peke yake kwa imeili yako. Ukibadilisha imeili katikati una akaunti kumi za kurekebisha moja moja, na ile utakayoisahau ndio itakayotumiwa mwaliko wa intavyu, utaona.

3. Imeili ninayo, nilifunguliwa na keswoka tulipofika. Si naweza kutumia hiyo hiyo?

Unaweza kama kweli ni yako. Watu wengi waliokuja kwa njia ya ukimbizi walifunguliwa imeili wiki za mwanzo, paswedi iliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikapotea, na namba ya kurudishia akaunti ni ya keswoka mwenyewe au ya kijana wa jirani aliyekuwa anasaidia kutafsiri. Siku Google ikikuuliza uthibitishe, kodi, yaani zile tarakimu za kuthibitisha, inaenda kwenye simu ya mtu mwingine, tena pengine alishaacha ile kazi.

Kagua hivi. Ingia `myaccount.google.com`, nenda sehemu ya `Security`, angalia namba ya simu na imeili ya kurudishia ni za nani. Kama si zako badilisha sasa hivi ukiwa bado umo ndani. Kama huwezi hata kuingia, achana nayo, fungua mpya, usipoteze wiki nzima kupambana nayo. Na imeili ya mume au ya mtoto mkubwa nayo hapana, hata kama mnapendana vipi: rikruta akiona barua imetoka kwa Baraka na CV inasema Rehema anaanza kujiuliza anaongea na nani.

## Anwani yenyewe

4. Anwani nzuri inakaaje?

Jina na ukoo, basi. Kwa Rehema, kabla ya alama ya @ ingekuwa `rehema.bakari`. Si mrembo, si mamazai, si rehemajesuslover, si jina la timu. Simaanishi hayo majina ni mabaya, endelea nayo kwa ndugu na marafiki, lakini rikruta anakutafuta kwenye inboksi yake kwa kuandika jina lililo kwenye CV, na asipoliona kwenye anwani wala kwenye jina la mtumaji anahisi hujawahi kumwandikia.

Kipimo changu ni simu. Mpigie mtu, mtajie anwani yako kwa mdomo mara moja tu, mwambie aiandike halafu akusomee. Ikibidi umweleze kwamba hapo ni sifuri sio herufi o, au ni ele sio moja, hiyo anwani ina kasoro. Hilo litakukuta kweli kweli, maana marikruta wengi wa ajensi wanakuuliza imeili kwa simu huku wanachapa.

5. Jina langu limeshachukuliwa Gmail. Nikiongeza nukta katikati si itakuwa tofauti?

Haiwi. Gmail haihesabu nukta kabisa kwenye anwani za `gmail.com`. `rehemabakari`, `rehema.bakari` na `r.e.h.e.m.a.bakari` ni sanduku moja la mtu mmoja, kwaiyo kama moja imechukuliwa zote zimechukuliwa. Faida yake ni kwamba ukishaipata yako, hata rikruta akisahau nukta barua inafika. Alama ya mstari wa chini Gmail haiikubali kwenye jina, kwaiyo hiyo usiiwaze.

Kinachosaidia ni kutumia majina yako mengine. Wabantu na Waswahili tumejaaliwa majina matatu matatu, yatumie: `rehema.j.bakari`, au `rehemajumabakari`, au geuza `bakari.rehema`. Yote yakiwa yameshaondoka, tia fani, mfano `rehemabakari.cna`, ingawa siku ukibadilisha fani itakuwa inakusuta kidogo. Namba ziwe za mwisho kabisa kuzifikiria, na ziwe fupi.

6. Nikiweka mwaka wa kuzaliwa kuna ubaya gani? Wengi wanaweka.

Wanaweka kwa sababu Google yenyewe inawapendekezea ukikosa jina. Ubaya ni kwamba Marekani CV haibebi umri, haibebi picha, haibebi kama umeolewa, tofauti na ile ya kwetu yenye ukurasa mzima wa taarifa binafsi. Tangu 1967 kuna sheria ya shirikisho inayokataza kumbagua mtu wa miaka 40 na kuendelea kwa ajili ya umri wake, na marikruta wengi hawataki hata kuuona umri wako mapema. Sasa wewe ukitia 71 au 03 mwishoni umeshawatangazia bila kuulizwa. Halafu kuna wale ndugu zetu ambao makaratasi yao yote yanasema wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu kambini hakukuwa na cheti, kwao huo mwaka wala sio wa kweli, ya nini kuuning'iniza kwenye anwani.

7. Makaratasi yangu yana jina moja tu, au majina yamegeuzwa. Niandike lipi?

Hili linawapata sana Wakongo na Warundi, lakini hata Watanzania. Ukiwa na jina moja kwenye pasipoti, viza ya Marekani inalijaza kwenye sehemu ya ukoo, na kwenye sehemu ya jina la kwanza wanatia `FNU`, yaani jina la kwanza halijulikani. Nimeona watu wanaandika hiyo FNU mpaka kwenye anwani ya imeili wakidhani sasa ndio jina lao. Usifanye hivyo.

Kwenye imeili, saini na voismeili tumia jina unaloitwa, lakini liwe lile lile kote, na liwe ndilo lililo juu ya CV. Jina la kisheria litaulizwa baadaye, kwenye uchunguzi wa rekodi zako na kwenye fomu ya I-9 ukishaajiriwa, hapo ndio unaandika kama karatasi inavyosema. Kwa kazi za cheti kuna jambo moja la kuangalia: rikruta wa CNA atalitafuta jina lako kwenye rejista ya jimbo. Kama rejista inasema Rehema Juma na wewe unajiita Rehema Bakari hatakuona, kwaiyo ama tumia la rejista tangu mwanzo ama mwambie kwenye barua ya kwanza kwamba rejista ina jina gani.

8. Nikituma imeili watu wanaona "Mama Zai" badala ya jina langu. Linatoka wapi?

Hilo ni jina la kuonyesha, si anwani, na ndilo linaloonekana kwanza kwenye inboksi ya mtu. Unaweza kuwa na anwani safi kabisa na bado ukaingia kwa rikruta kama Mama Zai na ua pembeni. Kwenye kompyuta fungua Gmail, bonyeza gurudumu la meno, `See all settings`, kisha `Accounts and Import`, kwenye `Send mail as` bonyeza `edit info` uandike jina na ukoo, herufi kubwa mwanzoni tu. Picha ya profaili nayo irekebishe hapo hapo kwenye akaunti, uso wako au usiweke kitu. Ukimaliza jitumie barua kwenye imeili ya rafiki halafu mwombe akupigie picha ya skrini, maana wewe kwako utaona "me" tu.

9. Ninayo ya Yahoo, nyingine Hotmail, ya chuo, na ya kazini. Nitumie ipi?

Ya kazini hapana kabisa, mwajiri wako ana haki ya kuisoma na siku ukitoka inafungwa. Ya chuo ni nzuri ukiwa bado mwanafunzi, ila ulizia inafungwa lini ukishamaliza. Yahoo na Hotmail hazina dhambi. Watu wanasema zinaonyesha umezeeka, mimi naona kama jina ni safi na unaifungua kila siku iache. Kununua domeni ya jina lako kwa kazi hizi ni mbwembwe, tena domeni mpya isiyowekewa rekodi zake vizuri barua zake zinaishia kwenye spamu.

10. Nimetuma maombi mengi, hakuna jibu hata moja. Inawezekana imeili ndio tatizo?

Inawezekana, na ni rahisi kujua. Kwanza angalia nafasi. Gmail inatoa GB 15 za bure, lakini zinagawanywa kati ya barua, Drive na picha zako za Google Photos, na zikijaa barua mpya hazikufikii, anayekutumia ndiye anarudishiwa taarifa kwamba hukupatikana. Wengi wetu tumejaza kwa video za harusi za nyumbani zinazojihifadhi zenyewe. Nafasi iliyobaki inaonekana chini kwenye Gmail ya kompyuta.

Pili fungua `Spam`, halafu tabo za `Promotions` na `Updates`. Majibu ya mifumo ya maombi yanatumwa na mashine, na Gmail inayachanganya na matangazo ya viatu. Ukiikuta hata moja kwenye spamu, bonyeza `Not spam`, halafu tengeneza filta ya huyo mtumaji na uweke tiki kwenye `Never send it to Spam`. Kwenye kipindi cha kutafuta kazi pitia spamu kila siku asubuhi, kodi nyingine za kuthibitisha akaunti zinakufa baada ya muda mfupi.

## Saini ya chini ya barua

11. Saini iwe na nini?

Jina, fani kwa kifupi, simu, mji. Ya Rehema ingekuwa hivi (namba ni ya mfano tu):

```
Rehema Bakari, CNA
(713) 555-0142
Houston, Texas
```

Imetosha. Anwani ya imeili si lazima uirudie lakini haidhuru, kwa sababu barua ikisambazwa kwa meneja anwani ya juu huwa inapotea. Linki ya LinkedIn weka kama profaili imejazwa, kama ina jina tu iache. Anwani ya nyumba usiweke. Namba iandike kwa mtindo wa huku, mabano kwenye namba tatu za kwanza, maana mtu anaisoma kwa macho huku anapiga, na mfululizo wa tarakimu kumi bila nafasi unamchanganya. Kama una leseni ya kweli ndio uweke herufi zake, kama bado unasoma andika kwenye CV.

Watu wanauliza kuhusu aya ya Biblia au Kurani, bendera, picha yako, nembo. Kwenye barua za familia ni sawa. Hapa picha zina tatizo la kiufundi zaidi, programu nyingine zinaigeuza picha ya saini kuwa kiambatanisho, sasa rikruta anaona viambatanisho viwili anafungua kimoja anakuta ua, kumbe CV ilikuwa kile kingine. Aya nayo inamweleza mtu dini yako kabla hajajua kama una shifti ya usiku. Uamuzi ni wako.

Na kwa majina yetu ambayo Mmarekani hajui ni ya mwanaume au mwanamke, unaweza kuandika Ms. au Mr. mbele. Sio lazima, ila inamwokoa mtu asikuite Mr. Rehema kwenye barua nzima.

12. Nimeweka saini kwenye kompyuta lakini nikituma kwa simu inatoka nyingine.

Kwa sababu simu ina yake. Kwenye kompyuta iko `See all settings`, tabo ya `General`, sehemu ya `Signature`, na hapo chini kuna vijisanduku viwili: barua mpya itumie saini ipi, na majibu yatumie ipi. Wengi wanaandika saini wanasahau kuichagua hapo, au wanasahau `Save Changes` chini kabisa ya ukurasa, halafu wanasema Gmail mbovu. Kwenye programu ya Gmail ya simu fungua menyu, `Settings`, chagua akaunti, tafuta saini ya simu uandike mistari ile ile mitatu. Ukitumia programu ya `Mail` ya iPhone, kule ndiko inakotoka ile "Sent from my iPhone", ifute kwenye mipangilio ya `Mail` uweke yako.

## Voismeili

13. Nitajuaje kama voismeili yangu iko wazi? Mimi sijawahi kuitumia.

Chukua simu ya mtu mwingine, jipigie, usipokee, subiri mpaka mwisho na usikilize kama rikruta anavyosikiliza. Utasikia moja kati ya haya: sauti yako mwenyewe, mashine inayosoma namba yako, mashine inayosema sanduku halijafunguliwa, au inayosema limejaa. Laini za kulipia kabla zina hii ya tatu mara nyingi sana, kwa sababu muuzaji alikuwekea laini akakupa simu, voismeili hakuna aliyeigusa.

Kuifungua, shikilia namba `1` kwenye kipiga simu mpaka ipige yenyewe, utachagua namba ya siri halafu utarekodi. Kwenye iPhone fungua `Phone`, `Voicemail`, bonyeza `Greeting`, chagua `Custom`, rekodi, sikiliza, `Save`. Namba ya siri ukiisahau piga `611` kwenye simu hiyo hiyo, ni huduma kwa wateja wa mtandao wako.

Ile mashine inayosoma namba tu sio kosa kubwa, lakini rikruta anabaki hajui kama amempata Rehema au amekosea tarakimu, na wengine hawaachi ujumbe mpaka wasikie jina.

14. Niseme nini?

Mambo manne, sekunde kumi na tano mpaka ishirini, kwa Kiingereza kwa sababu ndio lugha ya anayepiga. Maana yake iwe hivi: "Habari, umempigia Rehema Bakari. Siwezi kupokea simu sasa hivi. Tafadhali acha jina lako, namba yako na sababu ya kupiga, nitakurudia ndani ya siku moja ya kazi. Asante." Hiyo siku moja ya kazi itamke kama kweli utatimiza, kama una shifti za saa kumi na mbili mfululizo sema siku mbili.

Jina lako litamke taratibu, jinsi linavyotamkwa kwetu. Rikruta amelisoma tu kwenye karatasi na anaogopa kulikosea, hapo ndio pa kumfundisha bila kumwaibisha, na ukisikia kwenye ujumbe wake amelitamka sawa ujue alisikiliza. Rekodi ukiwa umesimama ndani ya chumba chenye mapazia na nguo, kabatini hata, sio bafuni wala kwenye gari linalotembea. Zima TV. Muziki wa nyuma hapana, hata wa taratibu, na ule mlio wa nyimbo anaousikia mpigaji wakati simu inaita nao uutoe.

15. Kiingereza changu kina lafudhi nzito. Mwanangu amezaliwa huku, si anirekodie?

Usimrekodishe. Siku ya intavyu rikruta atapokea mtu mwenye sauti nyingine kabisa na hapo ndipo wasiwasi unapoanza. Lafudhi haina tatizo, haraka ndio yenye tatizo. Andika zile sentensi kwenye karatasi, zisome polepole kuliko unavyodhani inafaa, rekodi tena na tena mpaka uridhike, hakuna anayehesabu. Mwanao msikilizishe akuambie neno gani halikusikika.

16. Rikruta anasema alinipigia, mimi simu haikuita kabisa.

Hapo mara nyingi simu yako ndio imemzuia. Kwenye iPhone andika `Unknown Callers` kwenye sehemu ya kutafutia ya `Settings`. Kama umewasha kunyamazisha namba usizozijua, kila rikruta anaenda moja kwa moja voismeili bila mlio. Simu mpya zina mpaka kitu kinachomuuliza mpigaji ajieleze kwanza ndipo ikuitie, na wengine wanakata. Android nazo zina kuzuia namba zisizojulikana, na `Do Not Disturb` uliyoiweka kwa ajili ya usingizi wa shifti ya usiku inafanya hivyo hivyo.

Kuna na mtandao wenyewe. T-Mobile inaandika "Scam Likely" kwenye simu inazozishuku, na ajensi zinazopiga simu nyingi kwa siku wakati mwingine zinaangukia humo. Hilo peke yake ni onyo tu, ila ukiwa umewasha Scam Block hizo simu zinakatwa kabla hazijakufikia. Kuizima piga `#632#`. Ndio, utaanza kupata na matapeli, vumilia hicho kipindi, wasiokujua waache waseme kwenye voismeili.

Kama simu inaita mara mbili tu ndio inakimbilia voismeili, muda wa kuita ni mfupi. Piga `611` uombe uongezwe, kwa T-Mobile unaweza kufika sekunde 30.

17. Inasema sanduku limejaa na mimi nimefuta zote.

Kwenye iPhone ulizofuta bado zimekaa. Shuka chini kabisa kwenye `Voicemail`, fungua `Deleted Messages`, bonyeza `Clear All`. Kwa simu nyingine piga voismeili uzifute kwa kufuata maelekezo ya mashine, na usisahau zile ulizozihifadhi za mama akikuimbia siku ya kuzaliwa, zihamishe kwanza kwenye simu ndipo ufute. Halafu jipime tena kama kwenye swali la 13.

## Ya pembeni

18. Niweke namba ya Google Voice badala ya yangu?

Ni wazo zuri kama mnashea simu nyumbani au unabadilisha laini kila ofa mpya ikitoka. Ni ya bure, inataka uwe na namba ya Marekani ya kuiunganisha, ina salamu yake ya kurekodi na inakuandikia ujumbe wa sauti kama maandishi, ingawa majina yetu inayaandika vichekesho.

Lakini jihadhari na hili: kuna utapeli ambapo mtu anajifanya rikruta, anasema anataka kuhakikisha wewe ni mtu kweli, anakutumia kodi ya tarakimu sita na kukuomba umsomee. Hiyo kodi ni ya kufungulia Google Voice kwa namba yako, na akiipata anaanza kutapeli wengine kwa jina lako. FTC, taasisi ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, imeshaonya kuhusu jambo hili. Rikruta wa kweli hana kazi na kodi yoyote iliyoingia kwenye simu yako. Na anayekutaka mhamie WhatsApp au Telegram siku ya kwanza, huku Marekani, mimi namwacha.

19. Mimi bado niko Dar au Nairobi, natafuta kazi za mbali za kampuni za huko. Voismeili inanihusu?

Kidogo. Kwetu mtu haachi ujumbe, anakutumia WhatsApp. Namba yako iandike na `+255` au `+254` mbele, ondoa ile sifuri ya mwanzo, na kwenye saini ongeza saa zako kwa kuandika `UTC+3`, maana Houston wakiwa saa tatu asubuhi kwako ni jioni tayari. Mlio wa nyimbo uutoe, kwa wa Safaricom ni Skiza, `*811#`. Anwani na saini ni kama maswali ya 4 mpaka 12, hakuna tofauti.

20. Nabadilisha namba ya simu katikati ya kutafuta kazi. Nini kitavunjika?

Kwanza ulizia kama unaweza kuihamisha namba hiyo hiyo kwenda mtandao mpya, kwa kawaida unaweza, ila usikate laini ya zamani kabla uhamisho haujakamilika. Hata ukihama na namba yako, voismeili ya mtandao mpya inaanza tupu, rekodi upya siku hiyo hiyo.

Ukilazimika kuchukua mpya, Gmail ndio ya kuikimbilia kabla laini ya zamani haijafa: badilisha namba ya kurudishia, na kwenye `Security` washa `2-Step Verification` kama hujaiwasha, halafu chukua `Backup codes`, utapewa kumi, kila moja inatumika mara moja, ziandike kwenye karatasi. Baadaye badilisha saini zote mbili, ya kompyuta na ya simu, halafu CV, halafu wajibu marikruta uliokwisha ongea nao kwenye barua zile zile za zamani, mstari mmoja tu kwamba namba yangu sasa ni hii. Usiwaandikie barua mpya, kwenye ile ya zamani wanaona na historia yote.